Kabla ya kumeza vidonge vya damu, tafuta kwanza damu inapotelea wapi

Mjomba wangu analima mikorosho Tandahimba. Msimu mmoja, wakati wa kupuliza salfa, magoti yalimsumbua sana, akawa anameza diklofenaki asubuhi na jioni ili aweze kubeba bomba. Kufika Septemba pumzi ikawa fupi. Njia ya kutoka shambani hadi nyumbani, ambayo zamani aliimaliza huku anapiga hadithi, sasa anapumzika mara tatu. Akaenda duka la dawa, wakamfunua kope, wakamwambia damu imepungua, akauziwa vidonge vya damu. Nyumbani wakamwongezea juisi ya rozela na matembele.

Mwezi wa kwanza alipata nafuu kidogo. Nilipompigia simu akaniambia, "Mpwa wangu, choo kimekuwa cheusi kama lami, lakini dukani wamesema ni hivi vidonge." Mimi nafanya kazi maabara, nikakubali. Vidonge vya madini ya chuma kweli hugeuza choo kuwa cheusi. Wiki tatu baadaye alianguka kwenye ghala la chama cha msingi, akisubiri korosho zake zipimwe. Hospitalini damu yake ilikutwa gramu 6.8 kwa desilita. Alikuwa na kidonda kwenye utumbo, na kilikuwa kinavuja muda wote ule tuliokuwa tunasifu vidonge.

Ninaandika mwongozo huu kwa sababu ya simu ile. Nilipaswa kumuuliza mambo mawili tu, na sikuuliza.

Kwanza, hali zisizongoja mwongozo

Mtu anayehema akiwa amekaa tu, anayezimia, anayetapika damu au kitu cha rangi ya kahawa nzito, anayetoa choo cheusi cha kunata huku ana kizunguzungu, au mtoto mwenye viganja vyeupe anayepumua haraka, apelekwe hospitali sasa hivi, iwe usiku au mchana. Huyo huenda anahitaji kuongezewa damu, na kutafuta sababu kutafanyika akiwa kitandani. Kitu kimoja tu ndugu wanaweza kukumbusha kwa heshima: sampuli ya vipimo ichukuliwe kabla chupa ya kwanza ya damu haijaanza kuingia, maana baada ya hapo maabara itakuwa inapima damu ya watu wawili.

Hatua ya 1: Pata namba, usitosheke na kope

Kope nyeupe humwonyesha mtu aliyepungukiwa sana, lakini upungufu wa kati hupita bila kuonekana. Nenda zahanati au kituo cha afya ukapimwe wingi wa damu kwa tone la kidoleni. Kwa mwanaume mzima, chini ya 13 ni upungufu. Kwa mwanamke asiye na mimba ni chini ya 12, na kwa mjamzito au mtoto wa chini ya miaka mitano ni takribani chini ya 11.

Angalia jinsi kidole kinavyotobolewa. Damu itoke yenyewe. Kidole kikikamuliwa kwa nguvu, maji ya mwilini huchanganyika na damu na namba hushuka kuliko ukweli. Kisha iandike namba hiyo pamoja na tarehe, nyuma ya kadi au kwenye daftari. Mjomba hakuwahi kupimwa ile Septemba. Kwa hiyo aliposema amepata nafuu hatukuwa na kitu cha kulinganisha nacho, tukabaki na hisia zake tu.

Hatua ya 2: Kabla ya kidonge, uliza damu inatokea wapi na inakwenda wapi

Damu hupungua kwa njia tatu. Inaweza kuwa inamwagika nje ya mwili. Inaweza kuwa inapasuka ndani ya mwili, kama inavyotokea kwenye malaria na selimundu. Au kiwanda chake, yaani uboho wa mifupa, hakizalishi vya kutosha, kwa sababu malighafi imekosekana au ugonjwa umekizuia. Kidonge cha madini ya chuma kinasaidia pale tu chuma chenyewe kinapokuwa kimepungua. Na kwa mtu mzima, hasa mwanaume au mwanamke aliyekwisha koma hedhi, chuma kikipungua, sababu ya kufikiriwa kwanza ni damu inayopotea mahali fulani. Usikimbilie kulaumu chakula.

Hesabu yake ni rahisi. Mililita 2 za damu nzuri zina takribani miligramu 1 ya chuma. Chakula cha siku nzima humpa mtu miligramu 1 au 2 tu zinazoingia mwilini. Mtu anayevuja vijiko viwili vya chai vya damu kwa siku, yaani mililita 10, anapoteza kama miligramu 5. Hakuna matembele yatakayofidia hilo. Sasa tazama kidonge: kimoja cha kawaida kina kama miligramu 65 za chuma, ingawa mwili hufyonza sehemu ndogo tu, labda 6 hadi 10 kwa mtu aliyepungukiwa. Kwa hiyo kidonge kinaweza kuzidi kidogo kile kinachovuja, namba ikapanda, mgonjwa akachangamka, na kidonda kikaendelea kuchimba. Ndiyo ile nafuu ya mwezi wa kwanza aliyoipata mjomba. Kupata nafuu hakukuwa na maana kwamba uvujaji umekwisha.

Kaa na mgonjwa, muulize polepole. Choo chake kilikuwa na rangi gani kabla ya dawa yoyote? Anameza dawa gani za maumivu, na kwa muda gani? Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huchubua tumbo, na wazee wengi hawazihesabu kama dawa kwa sababu wanazinunua wenyewe. Kiungulia au maumivu ya chembe ya moyo yanayomwamsha usiku? Mkojo una wekundu, hasa matone ya mwisho? Anatembea peku kwenye mchanga na mashamba? Amepata homa, kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, kukonda? Kwa mwanamke, hedhi inazidi siku 7, inatoka mabonge makubwa kuliko sarafu, au pedi inajaa ndani ya saa moja au mbili? Wengi wanaona hedhi ya namna hiyo ni ya ukoo wao, kwa kuwa mama na dada walikuwa vilevile. Hapo tafuta uvimbe wa kizazi.

Hamu ya kula udongo nayo itajeni mbele ya daktari bila aibu. Mara nyingi ni ishara ya upungufu wa chuma, na inampa daktari mahali pa kuanzia.

Hatua ya 3: Sampuli zitoke kabla kidonge hakijaingia

Hili ndilo jambo ninaloliona kila wiki mezani kwangu. Mtu ameshameza vidonge wiki tatu, ndipo analetwa apimwe.

Kipimo cha msingi ni picha kamili ya damu, ile inayoandikwa FBP kwenye fomu. Ndani yake kuna mstari wa MCV, yaani ukubwa wa wastani wa seli nyekundu. Kawaida ni 80 hadi 100. Chuma kikikosekana, seli hutoka ndogo na zilizopauka, na namba hushuka chini ya 80. Lakini ukianza vidonge, ndani ya wiki moja hivi uboho huanza kumwaga seli mpya zilizo kubwa. Ndogo za zamani na kubwa za sasa zikichanganywa, wastani unapanda kuelekea kawaida, na aliyesoma mstari mmoja tu anaweza kusema chuma si tatizo. Kama tayari umemeza, usifiche. Mwambie daktari jina la dawa na siku uliyoanza, na akiweza aombe seli zitazamwe kwa hadubini, maana jicho huziona aina zote mbili.

Pamoja na FBP, pima malaria kwa kipimo cha haraka au hadubini, kisha mkojo na choo. Kwenye sampuli hizi mbili watu wengi hukosea.

Mkojo wa kutafuta kichocho utolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu muda huo ndipo mayai hutoka kwa wingi. Tembea haraka kidogo kabla ya kukojoa, na hakikisha matone ya mwisho yameingia kwenye kichupa, maana mayai huja nayo. Mkojo wa alfajiri ukionekana safi haujamaliza ubishi, hasa kwa mtoto anayeoga kwenye madimbwi au mkulima wa mpunga bondeni.

Choo kifike maabara mapema, ndani ya saa moja hivi. Mayai ya minyoo ya safura huanguliwa haraka kwenye joto letu la pwani, na sampuli iliyokaa mfukoni tangu asubuhi inaweza kutoa jibu la uongo. Neno safura lenyewe wazee walilitumia kwa mtu aliyevimba na kupauka kwa kukosa damu. Walikuwa wameona uhusiano huo bila hadubini.

Omba pia kipimo cha damu iliyofichika kwenye choo kama kipo, kwa sababu uvujaji wa polepole haubadilishi rangi ya choo hata kidogo. Daktari anaweza kuongeza kipimo cha VVU, makohozi ya kifua kikuu au selimundu kulingana na maelezo yako. Mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi azitaje kwa majina, maana baadhi, kama zidovudini, huweza zenyewe kupunguza damu.

Vipimo hivi vingi hutolewa asubuhi moja. Sampuli zikishatoka, daktari anaweza kuamua kukuanzishia chuma siku hiyohiyo huku akisubiri majibu. Hakuna anayesema uteseke wiki nzima. Tunachotaka ni mpangilio tu.

Hatua ya 4: Ukipata sababu moja, uliza kama inatosha

Choo cha mjomba kilikutwa na mayai ya safura, machache. Muuguzi mmoja akasema basi, ameonekana mchawi. Akapewa albendazo miligramu 400. Kumtibu minyoo kulikuwa sahihi, lakini daktari hakuishia hapo, na ninamshukuru mpaka leo. Minyoo ya safura hunyonya damu kulingana na idadi yake. Wachache hawamfikishi mwanaume aliyelishwa vizuri kwenye 6.8 ndani ya miezi mitatu. Wakikutwa wengi, ni hadithi nyingine.

Kisha akauliza yale maswali mawili ambayo mimi sikuuliza. La kwanza: choo kilianza kuwa cheusi lini, kabla ya vidonge au baada? Mjomba akafikiri, akasema kilianza Agosti. Vidonge vilinunuliwa Septemba. La pili: kikoje? Choo cha mtu anayemeza chuma huwa cheusi au kijani kizito, lakini kina umbo lake na harufu yake ya kila siku. Choo chenye damu iliyopita tumboni hung'aa, hunata kama lami hata kwenye sakafu ya choo, na harufu yake ni kali ya pekee, ambayo aliyeinusa mara moja haisahau. Mjomba alisema kilinata na kilinuka vibaya.

Ukiwa hujui utofautishe vipi, usibaki kubahatisha nyumbani. Daktari anaweza kusimamisha vidonge siku chache. Choo kikirudi rangi yake, vidonge ndivyo vilivyokigeuza. Kikibaki cheusi, kuna damu. Hii ndiyo hasara kubwa ya kuanza vidonge bila kuuliza: vinakupa maelezo ya dalili ambayo ingekupeleka hospitali mapema.

Alipelekwa hospitali kubwa, akaingizwa kamera kwa njia ya mdomo. Kidonda kilikuwa mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na kipimo cha bakteria wa vidonda vya tumbo kikaonyesha wapo. Diklofenaki ikasimamishwa siku hiyo. Akapewa dawa mbili za kuua bakteria pamoja na omeprazo kwa siku 14, kisha omeprazo ikaendelea. Kama kamera isingeonyesha kitu, hatua inayofuata ingekuwa kuchunguza utumbo mpana, kwa sababu katika umri wake saratani ya utumbo inaweza kujificha nyuma ya upungufu wa damu kwa miezi mingi.

Homa ikiwepo, habari ni tofauti

Kwenye malaria, seli hupasuka ndani ya mwili. Chuma chake hakijatoka nje, kipo. Mtoto wa Lindi mwenye homa na damu ya 7.5 hajapungukiwa chuma moja kwa moja kwa sababu tu amepauka. Zaidi ya hapo, mwili unapopigana na vijidudu, ini hutoa homoni inayofunga mlango wa chuma kwenye utumbo na kufungia kile kilichoko ghalani. Vijidudu navyo vinakihitaji chuma ili vikue, kwa hiyo mwili unavinyima. Kidonge kinachomezwa wakati huo hupita bila kuingia, kikaacha kichefuchefu na tumbo kukaza.

Hata kipimo cha akiba ya chuma, feritini, hudanganya wakati wa maambukizi, kwa kuwa hupanda ingawa akiba ni ndogo. Ndiyo maana daktari mwangalifu hutibu homa kwanza, kisha anarudia vipimo.

Kuna ushahidi wa nyumbani kwetu. Utafiti mkubwa wa Pemba, uliochapishwa mwaka 2006, uliwapa watoto wadogo madini ya chuma na foliki asidi kila siku katika eneo la malaria nyingi, bila kwanza kuchagua nani amepungukiwa. Waliopewa chuma walilazwa au kufariki zaidi kuliko wenzao, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa. Lakini katika kundi dogo lililopimwa na kutibiwa malaria kwa ukaribu, watoto waliokuwa kweli wamepungukiwa chuma na damu walinufaika. Soma pande zote mbili. Chuma si sumu kwa mtoto anayekihitaji. Hatari ilitokea pale kilipogawiwa bila kujua nani anakihitaji na bila malaria kudhibitiwa.

Mtoto wa selimundu ni habari ya pekee kabisa. Damu yake hupasuka kila siku lakini chuma chake hubaki mwilini, na akiongezewa damu mara nyingi chuma hurundikana. Yeye hupewa foliki asidi, na chuma ni kwa uamuzi wa kliniki yake tu.

Mjamzito asiache vidonge vya kliniki

Ninasema hili kwa msisitizo, nisije nikaeleweka vibaya. Vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi wanavyopewa wajawazito kliniki ni kinga. Vimepangwa kwa sababu mimba hula chuma kingi, na kliniki hiyohiyo humpima damu na kumkinga na malaria. Mama aendelee navyo. Ila namba yake ikishuka huku anavimeza kila siku, hapo ndipo maswali ya hatua ya 2 yanaanza, na asiongezewe tu kidonge cha pili.

Hatua ya 5: Sasa kidonge, na namna ya kujua kinafanya kazi

Sababu ikishashughulikiwa, chuma hufanya kazi vizuri. Mjomba aliandikiwa kidonge kimoja kwa siku, tumbo likiwa tupu, kwa maji yenye ndimu. Chai ya rangi, kahawa na maziwa vilisogezwa mbali kwa saa mbili, maana huzuia chuma kisiingie. Tumbo likichafuka, daktari anaweza kukiruhusu baada ya chakula kidogo au siku moja ndiyo, moja hapana. Kumeza viwili au vitatu kwa haraka huongeza kichefuchefu kuliko damu. Vidonge vifungwe na viwekwe juu. Kwa mtoto mdogo hufanana na pipi, na vichache tu vinaweza kumuua.

Rudi upimwe baada ya wiki nne. Kama sababu ni sahihi na dawa inamezwa, damu ipande kwa gramu 1 hadi 2. Isipopanda, sababu ni chache: hamezi, anameza na chai, bado anavuja, kuna maambukizi, au tangu mwanzo tatizo halikuwa chuma. Usinunue chupa nyingine kabla ya kujua ni ipi kati ya hizo.

Mjomba alitoka hospitali akiwa na 8.9 baada ya kuongezewa damu chupa mbili. Wiki nne baadaye ilikuwa 10.6. Mwezi wa tatu ikafika 13.3, akaendelea na vidonge miezi mitatu zaidi ili kujaza ghala, kwa sababu damu hujaa kabla ya akiba. Magoti anayachua na kumeza panadoli, na ameandika kwenye mfuniko wa sanduku lake la dawa kwamba diklofenaki hairuhusiwi.

Kipimo nilichokisubiri zaidi ni kile cha miezi miwili baada ya kuacha vidonge. Kama kidonda kingekuwa bado kinavuja, hapo kisingekuwa na kitu cha kukifunika. Nilimtoboa mwenyewe kidole, nikaacha tone litoke bila kukamua. Ikasoma 13.8.